Tangazo la nyumba lenye vipimo vyote, ila halisemi ukikaa humo inakuwaje

Matangazo ninayohariri mengi ni ya nyumba za kupanga Dar es Salaam, na mengi huja yakiwa na sura hii. Hili ni la Kimara Korogwe:

"NYUMBA INAPANGISHWA. Vyumba viwili, kimoja masta 3.6 × 3.3 m, cha pili 3.0 × 2.7 m. Sebule 4.2 × 3.6 m, jiko, choo cha wageni. Marumaru, jipsamu, luku yako, maji ndani, fensi, paking. Ghorofa ya kwanza. 450,000/= kwa mwezi, malipo miezi 6. Wahi, nyumba kali sana."

Hakuna uongo humo. Tatizo ni kwamba ukibadilisha jina la mtaa, tangazo hilohilo linafaa Tabata, Goba hata Mbezi. Anayetafuta nyumba hajui asubuhi atatokaje, atalala vipi mwezi wa pili, nguo ataanika wapi. Kwa hiyo anapiga simu, analipa hela ya kupelekwa, anafika, anaona kilima, anageuka. Dalali naye kapoteza siku.

Siongezi sifa. "Tulivu", "ya kisasa" na "kali sana" ndiyo maneno ya kwanza kufutwa, maana kila nyumba mjini inayo. Ninachofanya ni kuchukua kila kipimo na kuuliza: hapa mtu atafanya nini, na saa ngapi?

Chukua chumba cha pili. Mita 3 kwa 2.7 hazimwambii mtu kitu, kwa sababu watu hawanunui kitanda kwa mita. Wananunua cha 5 kwa 6 au cha 6 kwa 6, kwa futi. Basi napiga hesabu. Mlango uko upande wa miguu ya kitanda, hivyo kabati lazima likae ubavuni. Kitanda cha futi 5 kina upana wa takriban mita 1.52. Ukikisukuma hadi ukutani, kwenye ule upana wa mita 2.7 inabaki mita 1.18. Kabati la kawaida lina kina cha sentimita 60, kwa hiyo kati ya kabati na kitanda unabaki na sentimita 58, na milango inafunguka. Weka cha futi 6, yaani mita 1.83, unabakiwa na sentimita 27 tu. Kabati litaingia ila halitafunguka. Hesabu yote hiyo kwenye tangazo inakuwa sentensi moja: "Chumba cha pili kinachukua kitanda cha 5 kwa 6 na kabati, cha 6 kwa 6 kitawabana." Mwenye watoto wawili anajua papo hapo kama panamfaa.

Jua na upepo ndivyo vinavyosahauliwa kuliko vyote, na kwa Dar ndivyo vinavyoamua kama chumba kinalalika. Nasimama katikati ya kila chumba na dira ya simu, naandika dirisha linatazama wapi. Dirisha la magharibi hupigwa na jua la alasiri mwaka mzima, na ukuta wa tofali za saruji huendelea kutoa joto usiku jua likishazama. Masta ya nyumba hii iko hivyo. Sebule ina mlango wa kibaraza unaotazama kaskazini mashariki na dirisha upande wa pili, kwa hiyo kipindi cha kaskazi, Desemba hadi Machi, ambacho ndicho cha joto kali, upepo unaingia huku na kutokea kule. Wenye nyumba wengi hudhani "madirisha makubwa" yanatosha. Dirisha kubwa lisilo na tundu la kutokea upepo upande wa pili linaleta mwanga na joto tu.

Nyumba naitembelea mara mbili kabla sijaandika: alasiri kama saa kumi, joto likiwa limejikusanya, na usiku wa Ijumaa au Jumamosi, maana muziki wa baa ya jirani hausikiki Jumanne asubuhi. Ikiwezekana namuuliza mpangaji anayehama, si mwenye nyumba. Simuulizi kama nyumba ni nzuri. Namuuliza maji hutoka siku gani, mvua ikinyesha gari huliacha wapi, maharage huchemsha wapi. Hilo la maharage halina utani: ghorofani mkaa ni tabu, na familia nyingi hupikia gesi vitu vya haraka na mkaa vya muda mrefu. Hapa kuna kibaraza cha nyuma cha kuwekea jiko la mkaa, na tangazo la mwanzo halikukitaja kabisa!

"Maji ndani" nalo huficha mengi. Maana yake ni kwamba kuna mabomba. Hapa maji huja kwa mgao, ila kuna simtanki la lita 2,000 la nyumba hii peke yake, yaani ndoo 100 za lita 20. Naandika ujazo, na kama tangi ni la pamoja nasema linahudumia kaya ngapi. Siandiki "maji masaa 24" hata mwenye nyumba akisisitiza, kwa sababu bomba la mtaani si lake.

Umbali nautembea kwa mguu, kwenda na kurudi, maana Kimara ni vilima. Baada ya hapo tangazo lilisomeka hivi:

"Kimara Korogwe, vyumba viwili ghorofa ya kwanza, 450,000/= kwa mwezi, malipo miezi 6. Kutoka kituo cha mwendokasi unashuka dakika 8 kwa mguu. Asubuhi kwenda kituoni unapanda dakika 11. Mita 300 za mwisho ni barabara ya vumbi. Masika gari dogo huteleza pale mteremkoni.

Sebule inapata upepo wa kaskazi, na kibaraza chake kinatosha viti viwili na meza ndogo. Masta inachukua 6 kwa 6 na kabati. Inapigwa na jua la jioni, panga kuwa na feni na pazia zito. Chumba cha pili kinachukua kitanda cha 5 kwa 6 na kabati, cha 6 kwa 6 kitawabana. Jiko la gesi ndani, kibaraza cha nyuma cha mkaa na kamba za nguo. Maji ya mgao, simtanki lita 2,000 la kwako peke yako. Luku yako. Paking gari moja ndani ya geti. Ijumaa na Jumamosi muziki wa baa husikika chumba cha pili mpaka kama saa sita usiku."

Vipimo havikutupwa, vimewekwa chini kabisa, baada ya maneno hayo, kwa anayevihitaji. Bei na mahali vimepanda mstari wa kwanza, kwa sababu kwenye simu mistari michache ndiyo huonekana kabla mtu hajabonyeza kusoma zaidi.

Madalali hubishania sana ile sentensi ya baa na ile ya masika. Nawaruhusu kulainisha maneno, siwaruhusu kuziondoa, kwani anayekerwa na muziki ataugundua tu, na afadhali augundue akiwa kwao kuliko akiwa ameshalipa miezi sita. Ila kila kasoro iambatane na kinachoipunguza kama kipo: jua la jioni na feni, mteremko na dakika zake. Kasoro ikibaki peke yake, msomaji huikuza kichwani kuliko ilivyo.

Kujua kama tangazo limekaa sawa, namwomba dalali aandike swali la kwanza la kila anayepiga. Wakiuliza "maji vipi?" au "ni mbali na lami?", sentensi hiyo haijaeleweka, narudi kuiandika upya. Wakiuliza "Jumamosi saa ngapi naweza kuja?", naliacha kama lilivyo.