Pawabenki ya Mtaa wa Aggrey

Mwishoni mwa mwaka 2023, mgao wa umeme ulipokolea jijini Dar es Salaam, nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nikiandika ripoti ya utafiti kwa laptopu niliyoinunua ikiwa tayari imetumika. Hosteli yetu ilikuwa ikikatiwa umeme jioni, wakati hasa wa kuandika, na betri ya laptopu peke yake ilikuwa inaniacha njiani. Ndipo nilipokwenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nikanunua pawabenki iliyoandikwa ubavuni kwa tarakimu kubwa 20,000 mAh, yenye tundu la USB-C linalotoa hadi wati 65, kwa sababu laptopu yangu nayo ilichajiwa kwa USB-C.

Sikununua kwa kubahatisha. Betri ya laptopu nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, siku fundi alipofungua kifuniko cha chini ili kusafisha feni: lebo yake ilisema 4,000 mAh. Elfu nne katika elfu ishirini zinaingia mara tano, na hata ukitoa mara moja kwa ajili ya kinachopotea njiani, zinabaki nne. Hesabu hiyo hufanywa na karibu kila mnunuzi anayesimama mbele ya meza ya pawabenki, na muuzaji hana sababu ya kuipinga. Kwa mara nne ningeweza kuandika hadi alfajiri, kisha nikalala na chaji ikiwa bado ipo.

Siku ya kwanza ya kuitegemea, umeme ulikatika saa mbili usiku. Niliiacha laptopu itumie betri yake hadi ikafika asilimia 20, ndipo nikachomeka waya na kuendelea kuandika. Pawabenki ilikuwa na taa nne ndogo za kuonyesha kiasi kilichobaki. Ya kwanza ilizimika kabla sijamaliza kupanga jedwali moja, ya pili ikafuata muda mfupi baadaye, na ubavu wa ile pawabenki ukawa wa moto kiasi cha kuniogopesha kuiweka kitandani. Baada ya muda wa kama saa moja na nusu laptopu ilikuwa imejaa, lakini katika zile taa nne ilibaki moja tu, nayo ikimemeteka. Nilikuwa nimepata mara moja, wala si nne.

Mwenzangu wa chumba hakuwa na shaka yoyote. “Dada yangu, umeuziwa mchanga,” aliniambia. Maneno hayo si mzaha mtupu, kwa kuwa zipo pawabenki bandia ambazo ndani zina betri ndogo moja na kitu kingine cha kuongeza uzito. Kabla ya kurudi dukani kugombana, nilitaka kujua kama yangu ni mojawapo. Niliijaza tena, nikaitumia kwa simu pekee, ambayo betri yake ni 5,000 mAh. Ikaijaza simu kutoka karibu na sifuri mara mbili, na mara ya tatu ikaishia baada ya kuvuka nusu. Pawabenki yenye mchanga isingeweza kufanya hivyo. Lakini jibu hilo lilizidi kunichanganya, maana kifaa kile kile kilichoitendea simu haki ndicho kilichokuwa kinamalizwa na laptopu kwa kikao kimoja.

Nilikipeleka kwa fundi simu mmoja wa Mtaa wa Aggrey, si yule aliyeniuzia. Alinisikiliza, kisha akatoa kwenye droo kipimio kidogo chenye kioo, kinachochomekwa katikati ya pawabenki na waya wa kuchajia. Kwanza alichomeka simu yangu. Kioo kikaonyesha volti 5 na ampea 2, yaani wati 10. Kisha akachomeka laptopu, ikiwa imewashwa na betri yake ikiwa chini. Tarakimu zikasimama kidogo kwenye volti 5, halafu zikaruka hadi volti 20 na ampea 2.2. Wati 44.

“Mdogo wangu, hii inavuta mara nne ya simu,” alisema. “Sasa izime kabisa, lakini usichomoe.”

Niliizima. Kipimio kilishuka taratibu hadi wati 31. Zile 13 zilizotoweka zilikuwa za kuendesha laptopu yenyewe: kioo, prosesa, feni, diski. Zilizobaki 31 zilikuwa zinaingia kwenye betri yake. Kwa hiyo usiku ule pawabenki ilikuwa inafanya kazi mbili kwa pamoja, kulisha kompyuta inayofanya kazi na kujaza betri iliyokuwa karibu tupu, na kazi ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza kwa zaidi ya mara mbili. Hilo lilieleza kasi. Halikueleza kwa nini mara nne zilikuwa zimegeuka moja.

Maelezo ya hilo yalikuwa mgongoni mwa pawabenki, kwa maandishi madogo ya kijivu ambayo fundi aliyamulika kwa tochi ya simu. Ile 20,000 mAh ilifuatwa na 3.7 V, na baada yake 74 Wh. Aliniambia kuwa wenye mizigo ya ndege huitafuta namba hiyo ya mwisho, kwa sababu mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu abiria kubeba pawabenki isiyozidi 100 Wh bila kuomba kibali. Mimi sikuwa nasafiri kwenda kokote, lakini namba hiyo ndiyo niliyopaswa kuonyeshwa dukani.

Miliampea-saa peke yake haisemi una nishati kiasi gani. Ni sawa na kuhesabu magunia bila kuuliza kama ni ya kawaida au ni lumbesa. Uzito wa kila gunia hapa ni volti, na ukizidisha ampea-saa kwa volti ndipo unapopata wati-saa, ambazo unaweza kuzilinganisha kati ya kifaa na kifaa. Ndani ya pawabenki, seli za lithiamu zimeunganishwa sambamba: volti inabaki ile ya seli moja, 3.7, na miliampea-saa zinajumlishwa, ndiyo maana tarakimu inakuwa kubwa na ya kuvutia. Ndani ya betri ya laptopu yangu, seli tatu zimeunganishwa kwa mfuatano: miliampea-saa zinabaki zile za seli moja, 4,000, na volti ndizo zinazojumlishwa hadi 11.4. Seli hizo hizo tatu zingepangwa kama za pawabenki, lebo ingesomeka 12,000 mAh, na pale dukani nisingetegemea mara tano hata kidogo.

Kwa wati-saa, basi, laptopu ilikuwa na ampea-saa 4 mara volti 11.4, yaani 45.6, mbele ya 74 za pawabenki. Hata hizo 74 hazitoki zote. Mstari mwingine wa maandishi yale madogo ulisema kuwa kinachotoka kwa volti 5 ni 12,000 mAh, yaani wati-saa 60. Tofauti ya 14 inaliwa na sakiti inayopandisha volti 3.7 hadi kiwango kinachotakiwa na kifaa, na huondoka kama joto. Ule ubavu wa moto ulionitisha ulikuwa sehemu ya hesabu.

Jioni hiyo nilitaka kuijua hali halisi ya betri yangu, kwa kuwa ilikuwa imeshazeeka kidogo. Windows ina amri inayotoa ripoti yake:

```
powercfg /batteryreport
```

Amri hiyo huandika faili liitwalo `battery-report.html` na kukuonyesha lilipohifadhiwa. Ukilifungua kwa kivinjari, utaona mistari miwili yenye kujibu karibu kila kitu: `DESIGN CAPACITY`, uwezo iliozaliwa nao, na `FULL CHARGE CAPACITY`, uwezo iliobaki nao. Yangu ilisoma 45,600 mWh na 38,100 mWh. Nilifurahi kuona kuwa huko hakuna mAh hata moja. Kila kitu kimeandikwa kwa miliwati-saa, ambazo elfu moja yake ni wati-saa moja.

Sasa usiku ule wa kwanza ulihesabika. Kutoka asilimia 20 hadi kujaa, betri ilihitaji wati-saa 30 na kidogo, na ili ziingie 30 ilibidi zitoke kama 33, kwa sababu kuchaji nako kuna hasara yake. Kuandika kwa muda wa saa moja na nusu, kwa wati 13, kulikula nyingine 20. Jumla inafika 53 kati ya 60, na taa moja inayomemeteka ndiyo hizo saba zilizobaki. Hapakuwa na wizi wala ubovu. Pawabenki ilikuwa imetoa karibu kila ilichoahidi katika maandishi ya kijivu.

Kile kipimio nilikinunua kwa fundi, na kikanibadilishia mpangilio. Nilianza kuchomeka pawabenki umeme ukikatika tu, laptopu ikiwa bado imejaa. Katika hali hiyo kipimio kilionyesha wati 13 tu, kwa kuwa hakuna betri ya kujazwa, na taa za pawabenki zikazimika polepole mno hata mwenzangu akadhani nimenunua nyingine. Sitaki kuusifia ujanja huu kupita kiasi. Kiasi cha nishati ni kile kile, na ninachookoa ni zile wati-saa tatu hivi zinazopotea kwa kuchaji betri kutoka betri nyingine, yaani robo saa ya kuandika. Kilichosaidia zaidi ni mwanga wa kioo. Nilipoushusha hadi nusu na kufunga kurasa za kivinjari zisizo na kazi, kipimio kilishuka kutoka 13 hadi 10, na wati-saa 60 zilizokuwa zinaisha kwa muda wa saa nne na nusu zikakaribia saa sita, kabla hata ya kuigusa betri ya laptopu.

Mwenzangu alipoamua kununua yake, tulikwenda pamoja. Meza ya kwanza ilikuwa na pawabenki ya 30,000 mAh, tena kwa bei ya chini kuliko ya kwangu. Niliigeuza mgongo: hapakuwa na Wh wala kiwango kinachotoka, na tundu lake lilitoa volti 5 pekee, ambazo laptopu inayotaka volti 20 ingezikataa au ingechaji kwa kusuasua. Alinunua ya 20,000 mAh kwenye meza ya jirani, baada ya kumwomba muuzaji aiweke chini ya taa tuisome.