Nilivyofikisha chakula cha Tanga hadi Frankfurt bila kunyang'anywa

Dada yangu alipojifungua Ujerumani, mama aliapa kwamba mzazi hatalishwa vya kopo wakati kwao Tanga kuna chakula. Mimi ndiye niliyekuwa nasafiri, basi vitu vikaanza kumiminika nyumbani: gunia dogo la machungwa ya Muheza, maembe, nyama ya mbuzi ya kukaanga, samli, papa mkavu, nazi, majani mabichi ya mchaichai, iliki na mdalasini wa Amani, visheti, achari. Vyote vilikuwa vizuri, lakini vingine visingepita forodha. Nilikuwa nimesoma kanuni za Umoja wa Ulaya kwa abiria, nikaona ni heri tuchambue mzigo ukiwa bado sebuleni kuliko kuja kuchambuliwa na askari uwanja wa ndege.

Nilianza na vitu vya mnyama, kwa kuwa hapo hakuna mjadala. Nyama na maziwa, na chochote kilichotengenezwa kwa hivyo, abiria anayetoka nchi kama yetu haruhusiwi kuingiza, hata kipande kimoja cha kula mwenyewe. Mama hakukubali upesi. "Mwanangu, nimeikaanga mpaka imekauka, mdudu gani atabaki humo?" Nikamweleza kwamba ofisa wa forodha hana namna ya kujua nyama ya nyumbani ilipata moto kiasi gani na kwa muda gani. Wanachokiogopa zaidi ni ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Kirusi chake huweza kuishi ndani ya nyama na maziwa, na mfupa uliotupwa jalalani ukaliwa na nguruwe unatosha kuanzisha balaa. Januari 2025 ugonjwa huo ulizuka kwenye kundi la nyati maji karibu na Berlin, mara ya kwanza Ujerumani tangu 1988. Mama amewahi kufuga, anajua maana ya kupoteza zizi zima. Akaitoa nyama mwenyewe, na samli ikafuata, kwa sababu samli ni maziwa. Visheti vilibaki. Mikate, keki na biskuti vinaruhusiwa, mradi visiwe na nyama ndani. Ndiyo maana sambusa za nyama tulizila siku ileile.

Samaki wana kanuni yao, na hapa ndipo watu wa pwani tuna bahati. Kila abiria anaruhusiwa hadi kilo 20 za samaki kwa matumizi yake. Wabichi lazima wawe wametolewa matumbo. Waliokaushwa au kupikwa wanakubaliwa pia. Nilimshawishi mama aache papa, ingawa naye ni samaki. Jamii nyingi za papa sasa zimo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na kundi kubwa la papa wa pwani liliingizwa humo kwa uamuzi wa 2022. Papa akishakatwa na kukaushwa, nani atamwambia ofisa ni wa aina gani? Tukaenda soko la samaki la Deep Sea, tukanunua nguru waliopasuliwa na kukaushwa vizuri. Niliwakagua mmoja mmoja kwenye maungio ya mifupa, maana samaki ambaye hajakauka hapo huvunda njiani na kuota funza, na mzigo wenye wadudu unaweza kukataliwa hata kama aina yake inaruhusiwa.

Matunda ndiyo yaliyochukua muda. Tangu Desemba 2019, karibu kila tunda bichi, mboga, ua na mbegu ya kupanda inayoingia Ulaya kwenye begi la abiria lazima iwe na cheti cha usafi wa mimea. Matunda yaliyosamehewa ni matano tu: nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani. Kwa hiyo nazi zikapita, nami nikaongeza nanasi. Nazi moja ilikuwa imeanza kuchipua, nikaiacha, kwa kuwa hiyo tayari ni mche.

Machungwa yaliniuma. Cheti hicho kwetu hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo ina wakaguzi wa mazao, na kwa matunda mengi mtu anaweza kukiomba. Chungwa la Afrika lina shida ya ziada. Kuna nondo mdogo anayetaga mayai juu ya ganda, kiwavi akatoboa na kuingia ndani. Ukitazama kwa makini utaona kitundu kidogo, na pembeni yake ganda limeanza kugeuka rangi ya kahawia. Kiwavi akiwa ndio kwanza ameingia, huoni kitu. Kwa sababu yake Ulaya inadai uthibitisho wa namna shamba lenyewe lilivyosimamiwa na mdudu huyo, jambo ambalo gunia lililonunuliwa barabarani haliwezi kuwa nalo. Embe nalo lina inzi wa matunda, anayedunga ganda na kuacha mayai chini yake. Sikuhangaika na cheti. Machungwa tukayapika jemu, maembe yakaingia kwenye achari, mchaichai ukaanikwa hadi ukakauka kabisa kuwa majani ya chai. Kilichopikwa au kukaushwa hivyo hakimbebi tena mdudu aliye hai.

Usiku wa kufunga mabegi nilikuta fundo kwenye pindo la kanga aliyotumiwa dada. Ndani yake mlikuwa na mbegu za mchicha na za bamia. Shangazi alitaka dada apande kwenye kibaraza. Mbegu za kupanda, hata kiganja kimoja, zinahitaji cheti, na zikifichwa kwenye nguo zinaonekana ni magendo. Nilimrudishia shangazi kwa heshima, nikamweleza.

Kila kitu nilikifunga peke yake na kukibandika karatasi ya Kiingereza: jina la chakula, kilichomo, uzito. Samaki niliwazungushia tabaka kadhaa na kuwaweka juu kabisa ya begi ili wafikiwe upesi. Jemu na achari viliingia kwenye begi la mzigo, maana mkononi vingezuiliwa kama vimiminika.

Frankfurt nilipita mlango mwekundu, ule wa wenye kitu cha kutangaza. Ofisa aliuliza kuna nyama au maziwa, nikasema hakuna, nikamwonyesha samaki. Alisoma karatasi, akafungua jemu moja, akaitazama, akafunga. Pembeni alikuwepo mama mmoja aliyesimamishwa akitoka mlango wa kijani, akiwa na nyama na jibini kwenye begi. Vyote vilitupwa kwenye pipa la kuharibiwa, naye akaandikiwa faini. Pipa hilo haliepukiki kwa kitu kilichokatazwa. Ila anayekitangaza na kukiacha kwa hiari kwa kawaida hupoteza chakula tu.

Ndugu zangu mnaokwenda kwingine, msibebe orodha yangu kama ilivyo. New Zealand, kwa mfano, ina kanuni zake, na ukikutwa na tunda ambalo hukulitangaza unatozwa dola 400 za kwao papo hapo. Na kutuma kwa posta si njia ya mkato, kwani vifurushi vya Ulaya vinabanwa na makatazo hayohayo ya nyama na maziwa.

Safari ijayo mama anataka kupeleka asali ya Handeni. Nimemwambia inaruhusiwa, hadi kilo 2 kwa kila abiria. Ameshaagiza.