Shikamoo iliyochelewa: simu ya picha na wifi yangu wa Toronto

Wifi yangu yuko Toronto tangu 2017. Miaka minne ya mwisho tulikuwa tunatumiana sauti tu, yeye usiku wake, mimi asubuhi yangu, kila mmoja anajibu akipata nafasi. Watoto wangu walikuwa wanamjua kwa sauti ya "haya wifi, nitakupigia". Mkubwa ana miaka 9 na amebeba jina lake, kwa hiyo wao ni masomo. Wa kati, wa kiume, ana miaka 6 na amerithi jina la babu yake. Wa mwisho, miaka 3, hajawahi hata kumwona.

Mwezi wa kumi na moja tukapanga simu ya picha. Mtoto wa wifi, aliyekulia huko, ndiye aliyetuandikia: "Jumamosi saa tisa." Mimi na mama mkwe tukajua ni saa tisa alasiri yetu. Tukawaogesha watoto, tukawavalisha nguo za Idi, tukawakalisha kwenye kochi wasichafuke. Saa tisa kimya. Saa kumi kimya. Simu ikaja saa kumi na moja kamili. Kumbe yule kijana anahesabu saa kwa Kizungu, na tisa yake ni saa tatu yetu ya asubuhi. Kwa msimu ule Toronto ilikuwa nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo saa tatu yao asubuhi ndiyo saa yetu kumi na moja jioni. Watoto walikuwa wamekaa saa mbili bila kucheza, na jirani wawili walikuwa wameshaingia "kumsalimia mgeni".

Simu yenyewe ilikuwa fujo. Mama mkwe aliishika juu kabisa, akaelekeza kwa watoto kama anayewapiga picha ya kitambulisho. "Msalimieni shangazi yenu! Semeni shikamoo!" Mkubwa akasema shikamoo. Wakati huohuo wifi akawa anasema, "Haloo, mnanisikia?" Mtoto akaona hakuitikiwa, akarudia kwa sauti ndogo zaidi, na marahaba ya ile ya kwanza ikaja juu ya ile ya pili. Akanyamaza. Wifi naye alipomwona wa kati akapiga kelele, "Baba! Baba yangu!" Ndivyo tunavyofanya kwa mtoto mwenye jina la mzee, lakini yule mtoto hakulijua hilo. Akageuka kumtafuta baba yake, ambaye alikuwa safari. Jirani wakacheka. Akaziba mdomo kwa mkono, akakimbilia nyuma ya pazia la mlango, tukabaki tunaona vidole vya miguu tu. Wa mwisho alikuwa ameshajifunika kanga yangu zamani.

"Mtoto hana adabu huyu," mama mkwe akasema, na mimi nikaona aibu kama aliyeambiwa ni mimi.

Usiku ule nikimlaza, nikamuuliza wa kati kwa nini hakusalimia. Hakujibu. Akafungua mdomo akanionyesha mapengo mawili ya mbele. Alikuwa amejiona kwenye kile kidirisha kidogo cha pembeni ya skrini, akasikia watu wanacheka, akajumlisha mwenyewe.

Hapo nikajua tulikosea wapi. Mtoto huyu akikutana na mgeni uwanjani humzungukia kwanza, huchungulia, husogea, halafu ndipo husalimia. Kwenye simu tulimnyima hayo yote. Tulimpelekea uso mkubwa wa mtu asiyemjua karibu na pua yake, tukamtaka amsalimie papo hapo, mbele za watu, huku akijitazama.

Baada ya wiki mbili tukajaribu tena. Safari hii niliandika ujumbe mwenyewe: "Saa kumi na moja jioni kwetu, saa tatu asubuhi kwenu." Nikaandika saa za pande zote mbili. (Mwezi wa tatu wao husogeza saa mbele, tofauti inakuwa saa saba, kwa hiyo huwa tunaulizana upya.) Jirani sikuwaambia. Nguo za Idi zilibaki kabatini.

Nilimwomba wifi mambo mawili tu. Asiwaite watoto mpaka wao wamsogelee, na akishasema jambo anyamaze kidogo, maana sauti inachelewa njiani. Akacheka, "Wifi, unanifundisha kuongea?" Lakini alikubali.

Simu niliiegemeza kwenye kopo la sukari juu ya kigoda, si juu ya meza, ili iwe kimo cha mtoto aliyekaa mkekani. Mlango ukawa mbele yetu. Mara ya kwanza ulikuwa nyuma, na wifi aliniambia baadaye kwamba aliona vivuli vyeusi vyenye meno. Kisha, na hili ndilo lililosaidia kuliko yote, tulipokwisha kusalimiana sisi wakubwa nikabonyeza alama ya kugeuza kamera, nikaigeuza simu, ikawa inatazama kwa kamera ya nyuma. Watoto walikuwa wanamenya machungwa ya Muheza kwenye sinia. Wifi akawa anawaona wao, wao hawaoni skrini wala hawajioni. Mimi na mama mkwe tukaendelea kuongea naye habari za baridi na za mgonjwa wetu wa Pangani kana kwamba watoto hawapo.

Zikapita kama dakika saba. Mama mkwe alinitazama mara mbili kwa jicho la "na salamu je?" nikamfinya goti.

Wa kwanza kusogea alikuwa wa mwisho, ambaye sikumtarajia. Alikuja kutafuta sauti inatoka wapi, akazunguka nyuma ya simu, akaona uso, akaweka pande la chungwa kwenye skrini. Wifi akafungua mdomo kama anakula. Nikageuza kamera tena. Mkubwa akafuata; yeye nilikuwa nimemfundisha mapema kwamba asubiri shangazi anyamaze, aseme, kisha ahesabu kimoyomoyo mpaka tatu. "Shikamoo somo." Moja, mbili, tatu. "Marahaba somo yangu! Hujambo?" Akatabasamu mpaka masikioni.

Wa kati akabaki kwenye sinia. Wifi hakumwita. Akaniambia mimi, kwa sauti ya kawaida, "Wifi, unakumbuka mwaka ule niliodondoka mwembeni nikang'oka meno yote ya mbele?" Sikukumbuka, nadhani alitunga, maana nilikuwa nimemsimulia habari ya mapengo. Kimya kidogo. Kisha kutoka kwenye sinia, "Uliyatupa wapi?"

"Juu ya paa. Wewe?"

"Mimi moja juu ya paa. Jingine nimelimeza."

Alikuja mwenyewe kuonyesha. Alisogeza mdomo mpaka skrini ikajaa pengo, na wifi akalikagua kama daktari, akauliza lipi limeanza kuota. Maongezi yao yakaenda mpaka kifurushi kikakata, dakika ya thelathini na nne. Nimeangalia, simu ile ilikula karibu MB 200. Ipo sehemu ya WhatsApp iliyoandikwa `Use less data for calls`, na nimewahi kuiwasha, lakini picha ilikuwa na ukungu, na pengo lisingeonekana.

Picha ilipoganda, mtoto akashtuka. "Sijampa shikamoo!"

Mama mkwe akanitazama. Nikanunua kifurushi kidogo, nikamshikia kipaza sauti, akasema, "Shikamoo shangazi. Ni mimi wa mapengo." Jibu lilikuja usiku, ameshalala, akalisikia asubuhi: "Marahaba, baba." Akalisikiliza mara mbili, akauliza kwa nini anaitwa baba, na kabla sijamaliza kumweleza habari za babu yake alikuwa nje anatafuta kandambili yake.