CV moja, tangazo moja, alama 46 na 74

Kikaguzi cha kwanza, yaani tovuti inayolinganisha CV na tangazo la kazi kisha inatoa alama, kilimpa mpwa wangu 46 kwa mia. Cha pili, kwa CV ile ile na tangazo lile lile, kikampa 74. Kazi yenyewe ilikuwa ya msaidizi wa hesabu katika hoteli moja Watamu, naye alikuwa amekaa karani wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Malindi kwa muda wa kutosha kuiomba bila wasiwasi. Ila ile 46 ilimvunja moyo, akataka kuiandika CV yote upya. "Mjomba, sasa nifuate kipi?" akaniuliza. Mimi naendesha saiba, na kila wiki naona vijana wakizibadilisha CV zao mpaka zinaharibika kwa sababu ya namba kama hizo. Nikamwambia asiguse chochote kwanza, tutafute hizo pointi 28 zimepotelea wapi.

Kabla kikaguzi hakijatoa alama, kinapitia kazi tatu. Kinatoa maandishi ndani ya faili. Kinachagua maneno ya kutafuta kutoka kwenye tangazo. Kisha kinaamua neno la kwenye CV likifanana kiasi gani na la kwenye tangazo ndipo lihesabiwe, na lina uzito gani. Kila mtengenezaji anafanya hizo kazi kwa njia yake, na hakuna kipimo cha pamoja wanachofuata. Kwa hiyo tulizipima moja moja.

Tulianza na faili. CV yake ilikuwa na safu mbili: ujuzi kwenye safu nyembamba ya kushoto, kazi alizofanya kwenye safu pana ya kulia. Kwa macho inapendeza. Kwenye kompyuta za saiba yangu ninayo programu ndogo ya `pdftotext`, inayotoa maandishi ndani ya PDF. Nikaiambia isome mstari mzima kutoka kushoto hadi kulia:

```
pdftotext -layout cv.pdf cv.txt
```

Sehemu ya kilichotoka ilikuwa hivi:

```
Bank              Prepared supplier
reconciliation    payments every week
```

Kwa kuwa safu ya kushoto ni nyembamba, "Bank reconciliation" ilikatika mistari miwili. Kikaguzi kinachosoma mstari mzima kwa mkupuo kinapata "Bank Prepared supplier", halafu "reconciliation payments every week". Yale maneno mawili hayakai pamoja tena popote, na kikitafuta "bank reconciliation" hakiioni. "Petty cash" na "supplier statements" zilikatika vivyo hivyo. Kinachomaliza safu moja kabla ya kuingia ya pili hakipati shida hiyo. Asiye na programu hiyo anaweza kufungua PDF, akachagua maandishi yote, akayabandika kwenye Notepad. Akiona sentensi zimeingiliana, ajue ipo mashine itakayozisoma hivyo hivyo.

Tukaihamishia CV kwenye Word, safu moja, bila kubadilisha neno hata moja. Kikaguzi cha kwanza kikapanda kutoka 46 hadi 58. Cha pili kikabaki 74. Kwa hiyo pointi 12 zilipotea kwenye kusoma faili, na ujuzi wa mpwa wangu haukuhusika hata kidogo.

Zikabaki pointi 16. Hapo tukaangalia kila kikaguzi kinagawanya kwa ngapi. Cha kwanza kilikuwa kimeokota maneno 26 kwenye tangazo na kuyaona 15 kwenye CV. Kumi na tano kwa ishirini na sita ndiyo 58. Tukayasoma yale 11 yaliyokosekana, na saba kati yake yalikuwa haya: "dynamic", "passionate", "vibrant", "oceanfront", "competitive", "candidates" na "Watamu". Ni maneno ya hoteli kujisifu, pamoja na jina la mji. Kikaguzi hicho huyahesabu maneno ya tangazo bila kuuliza lipi ni ujuzi na lipi ni pambo. Ukiyaondoa hayo saba, hesabu inakuwa 15 kwa 19, sawa na 79. Yaani kile kilichoonekana kikali kingempa alama nyingi kuliko mwenzake.

Cha pili kiliorodhesha ujuzi 14 tu, kikauona 10. Ujuzi kilikuwa kimeupa uzito wa 60 kati ya 100, kwa hiyo hapo alipata 43. Cheo cha kazi kikampa 10, na mpangilio wa CV, yaani vichwa vya sehemu, tarehe na mawasiliano, ukampa 21. Jumla 74. Zaidi ya robo yake, zile 21 za mpangilio, haihusiani na hesabu za hoteli. Mtu mwenye ujuzi kidogo na CV nadhifu angezipata zile 21 bila taabu.

Bado kulikuwa na suala la kulinganisha. Nikaandika tangazo la mstari mmoja, "Invoicing and bank reconciliation", na CV ya mstari mmoja, "Prepared invoices and reconciled bank accounts". Mhasibu yeyote angesema ni kazi ile ile. Kikaguzi cha kwanza hakikukubali hata moja, maana kinataka maneno yafanane herufi kwa herufi. Cha pili kikakubali zote mbili. Jaribio hili fupi ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ndani ya mistari miwili hakuna pengine pa kosa kujificha.

Lakini ulegevu nao una hatari yake. Tangazo lilitaka mtu aliyetumia QuickBooks na Sage. Mpwa wangu anaijua QuickBooks, Sage hajawahi kuifungua. Kikaguzi cha pili kikampa alama za Sage, pengine kwa sababu zote ni programu za hesabu. Cha kwanza ndicho kilichosema ukweli: haipo.

Baada ya kuyatoa yale mapambo, cha kwanza kilibaki na mapengo manne, nasi tuliyafanyia kazi hayo tu, tukiziacha alama pembeni. La kwanza, "Certified Public Accountant", halikuwa pengo la kweli, kwani CV ilisema CPA. Tukaandika jina kamili na kifupi chake pamoja. "Accounts payable" alikuwa ameiandika kama kulipa wauzaji. Tukatumia neno la tangazo, kwa kuwa kazi ni hiyo hiyo na aliifanya kweli. La tatu ni iTax, ambayo vikaguzi vyote viwili vilisema haipo. Hapo nikamgeukia.

"Ritani za VAT za duka nani alikuwa anazipeleka KRA?"

"Mimi, Mjomba. Kila mwezi, kabla ya tarehe 20."

Hakuwa ameiandika popote. Tukaiweka chini ya kazi ya duka, pamoja na jina la iTax. La nne lilikuwa Sage, na hilo tuliliacha wazi. Kuiandika kwenye orodha ya ujuzi kungempandisha alama, halafu siku ya kwanza kazini angewekwa mbele ya programu asiyoijua.

Alitaka turudie vikaguzi ili aone namba mpya. Nikamwonyesha mwisho wa tangazo: maombi yatumwe kwa barua pepe kwa ofisi ya wafanyakazi. Namba za tovuti hizi mbili hoteli haizioni. Hata waajiri wenye mfumo wao wa kupokea maombi wana mipangilio yao wenyewe, na mara nyingi anayechuja hutafuta kwa maneno anayoyachagua yeye, au huweka maswali ya ndiyo na hapana mlangoni. Akaituma ile ya safu moja, na kwenye barua ya maombi akaandika kwamba ametumia QuickBooks na yuko tayari kujifunza Sage.