Kidonda kisichouma kilivyonihadaa

Kilianza kama punje ya njegere chini ya ngozi, juu kidogo ya kiwiko cha kushoto. Ukikisukuma kwa kidole kinasogea pamoja na ngozi. Hakiumi, hakiwashi, homa hakuna. Shamba langu limepakana na kinamasi, kwa hiyo nikadhani nimeumwa na mdudu. Shemeji akakitazama, akatoa hukumu: "Kingekuwa kibaya kingeuma." Maneno hayo bado yananikera, maana niliyaamini kwa wiki nne nzima.

Mimi nina sifa ya kutumbua majipu nyumbani kwetu. Basi jioni moja nikakaa na taulo la moto, sindano niliyoipitisha motoni, na pamba. Watoto wakaja kutazama. Nikachoma, nikaminya, nikaminya tena mpaka jasho likanitoka. Usaha haukutoka hata tone! Na sindano yenyewe karibu sikuisikia. Badala ya kushtuka, nikajisifu mbele ya watoto kwamba baba yao hasikii maumivu.

Siku chache baadaye ngozi ikapasuka, pakawa na shimo dogo lenye utando wa rangi ya njano kama pamba iliyolowa. Nikawa nalifunga bandeji na kuendelea na kazi. Aliyenitoa ujinga ni dada yangu mkubwa, ambaye hakutaka maelezo: "Kesho unakwenda kituo cha afya, au nakupeleka mwenyewe."

Muuguzi alipima shimo kwa rula: sentimita 2 tu. Nikaanza kutabasamu. Kisha akachukua kijiti chenye pamba, akakiingiza taratibu chini ya ukingo wa kidonda. Kikazama. Akakizungusha pande zote, na kila upande kinapotea chini ya ngozi niliyoiona nzima kabisa. Kidonda cha ndani kilikuwa karibu sentimita 4. Mimi nilikuwa nafunga bandeji kwenye mlango tu, nyumba yenyewe inaliwa.

"Hii inafanana na donda la Buruli," akasema. Jina limetoka Uganda, lakini ugonjwa uko nchi nyingi. Bakteria wake ni ndugu wa wale wa kifua kikuu na ukoma, na hupatikana zaidi penye maji yaliyotuama. Namna hasa anavyoingia mwilini bado haijajulikana vizuri. Anatoa sumu iitwayo mikolaktoni, inayoua mafuta na nyama chini ya ngozi, inadumaza mishipa ya fahamu, na kuilaza kinga ya mwili papo hapo. Ndiyo maana hakuna maumivu wala usaha. Sindano yangu, kumbe!

Akachukua sampuli chini ya ukingo, si katikati, zikaenda kupimwa kwa PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya bakteria huyo. Majibu yalithibitisha. Kwa kilo zangu 60 nikapewa rifampisini miligramu 600 mara moja kwa siku, na klarithromaisini miligramu 500 asubuhi na jioni, kwa wiki 8. Mkojo uligeuka rangi ya chungwa (niliambiwa mapema, la sivyo ningekimbia), na mdomo ukawa mchungu kama nimelamba chuma. Nilichora vijiduara 56 ukutani nikawa nakata kimoja kimoja.

Wiki ya 6 nusura niharibu kila kitu. Kidonda kikavimba, kikatoa majimaji mengi kuliko mwanzo. Shemeji akarudi na hukumu nyingine: dawa zimekataa, acha. Nilirudi kliniki nikiwa na hasira. Daktari akacheka kidogo: kinga iliyokuwa imelazwa na sumu sasa imeamka, inasafisha mabaki, na mara nyingi hilo si dalili kwamba dawa imeshindwa. Nikaendelea. Ningeacha, ningekuwa nimesalimu amri wakati napata nafuu.

Dawa zikaisha kidonda kikiwa bado wazi; kilifunga mwezi wa nne. Sikukatwa wala kupandikizwa ngozi, kwa sababu nilifika kikiwa chini ya sentimita 5. Ningefika kikiwa bado punje, huenda kisingepasuka kabisa. Pale kliniki nilikaa benchi moja na kijana aliyesubiri miezi. Bakteria wake walikufa kwa dawa zilezile, lakini kovu pana lilikuwa limemvuta mkono ukakunjika kwenye kiwiko, na dawa hainyooshi kovu. Alikuwa anangoja upasuaji.

Nilipomwona ndipo nilipoacha kuukunja mkono wangu kifuani kama mtoto mchanga. Muuguzi alikuwa amenionya tangu siku ya kwanza: mkono ulazwe ukiwa umenyooka, na ufanyiwe mazoezi kila siku hata kama kidonda kiko wazi. Nikaweka alama ya chaki mlangoni, kila asubuhi naifikia kwa kidole bila kukunja kiwiko. Siku hizi naipita kwa kiganja kizima, na shemeji ameonyeshwa mara tatu.