Nafasi ya umeme niliyoikuta kwenye daftari la mzee

Niliitwa kukagua jengo la ofisi la ghorofa tatu, la miaka mingi, ambalo mwenyewe alitaka kulifungia viyoyozi vipya 24 vya ukutani na kung'oa vile vya zamani vya dirishani. Swali lake lilikuwa fupi: umeme uliopo utatosha? Tayari alikuwa na jibu kutoka kwa fundi mwingine aliyesoma breka kubwa, ampea 250 kwa kila fezi, akabandika klempu saa tatu asubuhi, akaona ampea 70 na kusema nafasi ipo tele.

Saa tatu asubuhi hakuna jengo linaloonyesha rangi yake. Nilifunga kifaa cha kurekodi kwenye kebo kubwa ya kuingilia, klempu nne, tatu za fezi na moja ya nyutro, nikakiacha siku 14 za msimu wa joto kikichukua wastani wa kila dakika 15. Kipimo cha papo kwa papo kinadanganya juu na chini, kwa sababu mota ikiwaka mkondo wake hupanda mara kadhaa ya kawaida kwa sekunde chache. Kinachochemsha kebo ni mzigo unaokaa.

Siku ya tisa, saa tisa na robo alasiri, ndipo palipokuwa na kilele: fezi nyekundu ampea 172, ya njano 118, ya bluu 104. Hesabu ya haraka ingekuwa kutoa viyoyozi vyote vya zamani, kujumlisha vipya, basi. Lakini siku ya kwanza mlinzi wa jengo, mzee aliyekaa pale tangu zamani, alinipokea kwa neno lililobadilisha kazi yote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hivi vya dirishani havijawahi kuwaka vyote kwa pamoja. Ghorofa ya pili wakiwasha vyote, inakata. Wanapokezana."

Maana yake kilele nilichokuwa napima kilikuwa kilele cha watu waliojinyima. Kwenye fezi nyekundu kulikuwa na viyoyozi vinane vya zamani, na ningetoa vyote vinane kwenye ile 172 ningekuwa natoa mzigo ambao haukuwepo. Nikampa mzee daftari, nikamwomba kila saa, kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na moja jioni, aandike vipi vinawaka. Aliandika kwa mwandiko wa shule ya zamani, bila kuruka hata siku moja. Siku ya tisa, saa tisa: fezi nyekundu sita, ya njano viwili, ya bluu kimoja.

Nilipima kila kiyoyozi cha zamani, nikapata kama ampea 8. Kwa hiyo mzigo usiohusu viyoyozi ulibaki 124, 102 na 96. Vile vipya, kila kimoja kina ampea 7.5 za kawaida kwenye kibati chake na 10 za juu kabisa. Nilichukua 10. Joto likizidi mashine za inveta hupanda kuelekea kiwango cha juu, na alasiri ya joto kali hakuna ofisi inayozima, kwa hiyo sikupunguza chochote kwa kudhani havitawaka pamoja. Ukivigawa vinane vinane kila fezi, nyekundu inafika 204. Nilipogawa 6, 9 na 9 ikawa 184, 192 na 186. Kwenye breka ya 250 hiyo inakaa vizuri, na inabaki akiba ya zaidi ya ampea 50.

Kwenye karatasi jengo lilikuwa limefaulu. Nikafungua bodi.

Nyutro ilinishangaza. Kwa fezi tatu zilizopishana namna ile, hesabu inaipa nyutro ampea 62 hivi, lakini kifaa kilikuwa kimerekodi 81. Ziada hiyo hutoka kwenye kompyuta, taa za kisasa na vitu vya namna hiyo, ambavyo huvuta umeme kwa vipande, na sehemu ya mkondo wao haifutani kwenye nyutro bali hujumlishana. Inveta nazo za fezi moja ni za ukoo huohuo. Kebo ya nyutro ilikuwa nyembamba kuliko za fezi, kama walivyofunga zamani.

Nilipiga kamera ya joto alasiri, mzigo ukiwepo, baada ya kubandika utepe mweusi kwenye vichwa vya kebo. Shaba inayong'aa huirudishia kamera joto la vitu vilivyo jirani, ukaona baridi mahali pa moto. Lagi za fezi, yaani vichwa hivyo vya kebo, zilikuwa nyuzi 52 hivi. Ya nyutro ilikuwa 91. Tulipozima na kuifungua, lagi ilikuwa ya alumini imefungwa moja kwa moja kwenye pau ya shaba, na katikati yake unga mweupe. Nyutro kubwa ikiachia, volti za fezi hazina tena kitu cha kuzishika, na fezi yenye mzigo mdogo inaweza kupanda kuelekea volti 400. Viyoyozi 24 vipya, siku moja.

Ghorofa ya pili ilikuwa inalalamika kwa kukata, kwa hiyo kila mtu aliiangalia. Mimi niliogopa ya tatu, iliyokuwa kimya. Nilimuuliza mzee.

"Ile ilikuwa inakata zaidi ya hii. Alikuja fundi akabadilisha breka, ikatulia."

Ilitulia kwa sababu breka ya 63 ilitolewa ikawekwa ya 100, na kebo ikabaki ileile ya milimita mraba 16. Kebo hiyo ndani ya bomba, katika joto la darini, nisingeipa zaidi ya ampea 54. Ghorofa ilikuwa inakwenda kupokea viyoyozi tisa, vitatu kila fezi, na fezi nzito ingefika 58. Breka isingeona tatizo lolote. Tulizima, tukachomoa kila kitu cha kielektroniki, nikapiga mega ya volti 500, kipimo cha uzima wa ganda la waya: fezi mbili zilisoma juu ya megaomu 50, nyekundu 0.4. Kiwango cha chini ni 1. Ganda la waya karibu na bodi lilivunjika mkononi kama ganda la karanga.

Niliandika ripoti ya kurasa tatu. Lagi ya nyutro ibadilishwe na kebo ya nyutro ilingane na ya fezi, kebo ya ghorofa ya tatu iondolewe iwekwe ya milimita mraba 35, na ghorofa za chini ziendelee kufungiwa viyoyozi wakati huo. Mwenye jengo alinuna kidogo kwa gharama ya kebo, kisha akakubali alipoliona lile ganda, maana nilikuwa nimeliweka kwenye bahasha.

Nusura nisahau mkataba wa umeme. Jengo liliruhusiwa kuvuta kilovolti-ampea 120. Kilele cha sasa kilikuwa kama 91, hakuna aliyewahi kugusa mpaka. Lakini 184, 192 na 186 ukizijumlisha na kuzizidisha kwa volti 230 unapata 129. Breka ya 250 ingepitisha bila kelele. Mita ndiyo ingeandika. Maombi ya kuongezewa yalikwenda siku ileile, na viyoyozi vya ghorofa ya tatu vikakaa kwenye maboksi hadi jibu lilipokuja.