Siku moja maishani mwangu: mishororo mitano, mapumziko na Mama asiyesema

Saa 11 alfajiri. Kabla sijawasha jiko nafungua daftari. Shairi ninalolishughulikia wiki hii lilianza kama sentensi ya kawaida: Baba aliing'oa mibuni yote akapanda nyanya, na Mama hakusema neno, ila kila asubuhi anafagia chini ya mti ambao haupo. Nimekwishaigawa mahali inapojigawa yenyewe:

Baba aliing'oa mibuni yote
akapanda nyanya.
Mama hakusema neno.
Kila asubuhi anafagia
chini ya mti ambao haupo.

Kila mshororo hapa ni toshelezi, yaani maana inaishia pale pale mstari unapoishia. Linasomeka vizuri, lakini ukiliandika kama aya hupotezi chochote. Kwangu hiyo ndiyo dalili kwamba kazi haijaanza.

Saa 2 asubuhi. Nafungua stesheneri, hatua chache kutoka stendi ya Moshi. Foleni ya wanaotaka nakala za vyeti ni ndefu, kwa hiyo hadi saa nne sigusi shairi.

Saa 4. Mteja wangu mmoja, mzee anayetunga tarbia, mashairi ya mishororo minne kila ubeti, ameleta tungo zake nizichape. Nikamwonyesha mishororo yangu. "Sasa mwanangu, msomaji atapumua wapi?" Swali lake ni la haki. Katika tungo zake mshororo una mizani 16, yaani silabi 16, nane ukwapi, kipande cha kwanza, na nane utao, kipande cha pili, na kina cha kati kinamwambia msomaji "tua hapa". Pumziko limeshapangwa na umbo hata kabla neno la kwanza halijaandikwa. Tangu mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 watu wamebishana sana kama shairi lisilo na vina ni shairi, lakini mimi swali la mzee ndilo linalonishughulisha zaidi. Kina kikiondoka, mwisho wa mshororo ndio unaobaki na kazi yote ya kumtuliza msomaji.

Na Kiswahili kinatusaidia. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na msemaji akitua, silabi hiyo hurefuka. Sema "mibuni yote" kwa mkupuo, kisha sema "mibuni" halafu utue. Mara ya pili utasikia *mibuuni*. Kwa hiyo neno ninaloliweka mwisho wa mshororo linavutwa mdomoni, na kwa muda huo mfupi msomaji anaamini amefika mwisho wa maana. Hapo ndipo mshororo mshata, ule unaoishia njiani na kumalizikia unaofuata, unapopata nguvu. Unasema jambo moja kabla ya kugeuka na lingine baada ya kugeuka.

Nikajaribu:

Baba aliing'oa mibuni
yote

Mtu wa Kibosho au Uru akisikia baba kang'oa mibuni, kwanza atafikiri ameondoa ile mizee ili apande miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, isiyosumbuliwa na ugonjwa wa chulebuni. Ni jambo la kawaida kihambani. Kisha "yote" inamwangukia.

Lakini bado kulikuwa na kitu kinachovujisha siri mapema, nacho ni ile "i" ya "aliing'oa". Kiambishi cha mtendwa kinamwambia msomaji kuwa ni mibuni ile ile inayojulikana, ile ya nyumbani. Nikikiondoa, "aling'oa mibuni" inaweza kuwa michache tu. Pumziko linahitaji nafasi hiyo ya kudhani, kwa hiyo "i" ikatoka.

Saa 7 mchana. Ugali na dagaa kwa mama ntilie. Dada tunayefanya naye kazi hajawahi kuliona shairi hili, na mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtaka. Nafunika karatasi yote, namwachia mshororo mmoja, kisha namuuliza: unadhani kinafuata nini? Akitaja neno lenyewe, mkato haubebi kitu. Akitaja neno jingine linaloingia akilini, mkato unafanya kazi. Akibaki ananitazama tu, nimevunja sentensi pasipokuwa na kitu cha kushika, kama vile mshororo unaoishia na "ya" au "na".

Kwa "Baba aling'oa mibuni" alisema, "Akapanda mipya." Hapo pamepona.

Kwa "Mama hakusema" akajibu papo hapo, "neno". Bila shaka, maana "hakusema neno" ni maneno yaliyozoea kwenda pamoja. Nilikuwa nimeruka mstari kati yake nikitumaini ule weupe utakuwa ukimya wa Mama, kumbe msomaji ameshaujaza kabla hajaufikia. Dawa ni kulifuta "neno" kabisa. "Mama hakusema" ikakaa ubeti wake peke yake.

Tulibishana kuhusu nukta. Yeye aliitaka. Mimi naona nukta inamfanya Mama awe amekata shauri kunyamaza, shauri likaisha. Bila nukta, sentensi yake haijafungwa, na nafasi tupu inayofuata ndiyo kauli yake. Herufi kubwa ya "Kila" inatosha kuonyesha kwamba sentensi nyingine imeanza.

Saa 10 jioni. Umeme umekatika, mashine zimetulia. Narudi kwa Baba. Baada ya kuikata "yote" nilikuwa nimeandika "yote. Akapanda nyanya.", na nukta hiyo inamzuia. Ile -ka- kazi yake ni kushika tendo la pili nyuma ya la kwanza, na Baba hakupumzika kati ya kung'oa na kupanda. Nukta ikatoka, mshororo ukaenda moja kwa moja.

Mwisho wa shairi ulikuwa mgumu zaidi. "Ambao haupo" inamwonya msomaji: anasikia silabi tatu za "ambao", anajiandaa, na mti unatoweka akiwa tayari. "Usiokuwepo" ina "si" katika silabi ya pili. Msomaji ametua kwenye "mti", ameuona umesimama, na akikanyaga tu mshororo unaofuata haupo tena.

Saa 2 usiku. Nyumbani, Majengo. Nilipenda "Kila asubuhi anafagia chini ya mti" iwe mshororo mmoja mrefu, ili mgeuko mmoja tu ubebe uzito. Migeuko ikiwa mingi msomaji anaizoea na haimshtui tena. Lakini nilipojitumia kwa simu, kioo kiliukata chenyewe baada ya "ya", mahali pabaya kuliko pote. Nikaukata mimi baada ya "anafagia", mkato wa kimya ambao hauna siri yoyote, unaompa tu msomaji pumzi:

Baba aling'oa mibuni
yote akapanda nyanya.

Mama hakusema

Kila asubuhi anafagia
chini ya mti
usiokuwepo.

Nikalisoma kwa sauti na kujirekodi. Baada ya "hakusema" pumziko ni refu kuliko yote mengine, kama nilivyotaka.

Saa 3 usiku. Mwalimu anayekusanya mashairi kwa kijitabu cha shule yake analisubiri. Nimemtumia PDF badala ya maandishi matupu, pamoja na maelekezo: usilipange katikati ya ukurasa, lianzie kushoto, kwa sababu jicho likitafuta mwanzo wa kila mshororo linachelewa mahali nisipotaka. Halafu "Mama hakusema" isiangukie mwisho wa ukurasa. Ikiangukia pale, msomaji atadhani ule weupe ni karatasi tu iliyoisha. Amejibu kwamba ukurasa wa 12 una nafasi ya kutosha.